Mita ya umeme ya mishale: namna ya kuisoma pale maduara jirani yanapozunguka kinyume

Aliyezoea LUKU au tokeni amezoea kukuta namba zimekaa tayari kwenye kioo. Akipanga nyumba ya zamani Marekani, Kanada au Uingereza, huenda akakuta ukutani mita ya aina nyingine kabisa: ndani ya kioo kuna maduara manne au matano kwa mstari mmoja, kila duara lina namba 0 hadi 9 na mshale wake, na chini yake kuna sahani nyembamba ya alumini inayozunguka polepole. Bili ya makadirio ikija kubwa kupita kiasi, au kampuni ikimtaka mpangaji atume namba mwenyewe, ni lazima aisome. Hapo ndipo anapogundua kwamba duara la kwanza limeandikwa namba kwa kuzunguka kulia, la pili kwa kuzunguka kushoto, la tatu kulia tena.

Mwongozo huu unaishika mita ya nyumbani ya Marekani yenye maduara matano, kwa sababu ukiiweza hiyo, za nchi nyingine zitakusumbua kidogo tu.

Kwa nini yanapishana

Nyuma ya kila mshale kuna gia. Gia ya duara la mamoja inausukuma mhimili wa duara la makumi, nao unausukuma wa mamia, hivyo hivyo hadi mwisho. Duara la kulia likizunguka mara kumi, jirani yake wa kushoto huzunguka mara moja. Sasa chukua gia mbili zilizoshikana meno: moja ikienda kulia, nyingine haina budi kwenda kushoto. Ili mishale yote iende upande mmoja, fundi angelazimika kuweka gia ya ziada kati ya kila mbili, na kila gia ya ziada ni msuguano zaidi kwa sahani ambayo nguvu yake ni ndogo. Ikawa rahisi zaidi kuziacha gia zigeukiane na kuandika namba za duara moja moja kwa kufuata mwendo wa mshale wake.

Jambo la pili linatokana na gia hizo hizo, nalo ndilo ufunguo wa kazi yote: mishale hairuki. Mshale wa mamia hausubiri makumi yatimie kisha uchupe kwenda namba inayofuata. Unatambaa kidogo kidogo muda wote. Kwa hiyo mahali ulipofika kati ya namba mbili panakuambia jirani yake wa kulia amefika wapi. Ikiwa duara la makumi limefika karibu na 7, mshale wa mamia lazima uwe umekwenda kama sehemu saba za kumi kutoka namba moja kuelekea inayofuata. Maduara hayo yanatoleana ushahidi, na msomaji mzuri huyasoma pamoja.

Kujua duara linaelekea upande gani

Usikariri kwamba la kwanza huenda kulia na la pili kushoto. Kwenye mita nyingi za Marekani duara la mamoja, yaani la mwisho kulia, huzunguka kama saa, la makumi kinyume cha saa, na kuendelea kwa kupishana. Lakini kuna njia ya uhakika isiyohitaji kukumbuka chochote: tazama 0 iliyo juu, kisha itafute 1. Kama 1 iko kulia kwa 0, mshale unakwenda kama saa. Kama 1 iko kushoto kwa 0, mshale unakwenda kinyume.

Kosa la kawaida la anayeanza si kuchanganya pande. Ni kutosoma namba kabisa. Macho yamezoea saa ya ukutani, basi mtu akiona mshale uko kulia chini anakisia namba kwa pale ulipo, bila kuangalia kilichoandikwa. Kwenye duara linalozunguka kinyume, kosa hilo huigeuza 7 kuwa 3, 6 kuwa 4, na 9 kuwa 1. Ni 0 na 5 tu zinazobaki palepale, kwa kuwa moja iko juu kabisa na nyingine chini kabisa. Kwa hiyo ukipata jumla isiyoeleweka, anza kwa kujiuliza kama kuna duara ulilolisoma kwa mazoea ya saa.

Kanuni ya namba ndogo

Mshale ukiwa kati ya namba mbili, andika ndogo. Kati ya 4 na 5, andika 4, hata kama umebakiza unywele tu kufika 5. Maana ya 4 ni kwamba nne zimetimia na ya tano bado.

Angalia kwamba kwa kanuni hii mwelekeo hauna shida: kati ya 6 na 7 ndogo ni 6, mshale uende kulia au kushoto. Pahali pekee inapovunjika ni kati ya 9 na 0. Hapo 0 ni kumi, mzunguko unaotaka kutimia, kwa hiyo jibu ni 9. Na kati ya 0 na 1, jibu ni 0. Watu wengi huandika 1 hapo kwa kudhani sifuri si kitu cha kuandikwa. Sifuri ni namba kamili kwenye mita, na ukiiacha tarakimu zote zinasogea.

Mshale ukisimama juu ya namba

Hapa ndipo mahali pagumu. Mshale wa maelfu umekaa juu ya 5, sawasawa. Je, elfu tano zimetimia, au bado zimebaki uniti ishirini zitimie? Kwa jicho huwezi kujua. Jirani wa kulia ndiye anayejua.

Tazama duara la kulia kwake. Kama mshale wake umeshapita 0, yaani uko kwenye 0, 1 au 2, basi mzunguko umetimia na 5 ni 5 kweli. Kama bado uko kwenye 9 au 8, mzunguko haujatimia, na hiyo 5 ni 4 inayokaribia kuisha. Andika 4.

Kanuni hii ina umbo pana zaidi linalosaidia hata pale mishale ilipolegea. Kila tarakimu unayofikiria kuiandika, ichukue pamoja na ile ya jirani yake wa kulia kama desimali, kisha uangalie ni ipi iliyo karibu zaidi na unachokiona. Mathalani mshale wa mamia umepita 5 kidogo, tuseme 5.1, na makumi yanasoma 9. Ukiandika 5, mshale ulipaswa kuwa 5.9. Ukiandika 4, ulipaswa kuwa 4.9. Kati ya 5.1 na 4.9 tofauti ni 0.2 tu, kati ya 5.1 na 5.9 ni 0.8. Basi ni 4, ingawa mshale umeonekana kuipita 5. Na kinyume chake: mshale umekaa 4.9, makumi yanasoma 1. Hapo 5.1 iko karibu kuliko 4.1, kwa hiyo andika 5, hata kama jicho linasema bado haijafika. Mita iliyokaa nje miaka mingi mara nyingi ina mshale mmoja uliopinda kiasi hicho, na bado husomeka vizuri kwa njia hii.

Ikitokea tofauti zinakaribia kuwa sawa, kwa mfano mshale uko katikati ya 4 na 5 ilhali jirani anasoma 0, huna la kuamua kwa macho. Piga picha, rudi baada ya siku chache uone mshale umekwenda wapi, na iambie kampuni kwamba mishale haikubaliani.

Soma kutoka kulia kwenda kushoto

Tunaandika namba kutoka kushoto, na mkono utataka kuanza huko. Kwenye mita hii anza kulia. Sababu ni ile ile: kila duara linamtegemea jirani wa kulia, kwa hiyo jirani awe ameshaamuliwa kabla hujafika kwake. Chora visanduku vitano kwenye karatasi na uvijaze kuanzia cha mwisho.

Uingereza watu hufundishwa kuanza kushoto: ukikuta mshale juu ya namba, iandike na uipigie mstari chini, ukimaliza, kila namba yenye mstari inayofuatwa na 9 ipunguze moja. Njia hiyo inafanya kazi pale namba yenye mstari ni moja. Zikifuatana mbili inaweza kukuangusha, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme bili ya mwezi uliopita ilisoma 29,154. Leo umesimama mbele ya mita, na kutoka kushoto kwenda kulia unaona hivi:

Duara la kwanza, la makumi elfu: mshale juu ya 3.
La pili, la maelfu: mshale juu ya 0.
La tatu, la mamia: kati ya 9 na 0, umesogea zaidi upande wa 0.
La nne, la makumi: kati ya 6 na 7, karibu na 7.
La tano, la mamoja: kati ya 8 na 9.

Anza kulia. Mamoja yako kati ya 8 na 9, andika 8. Makumi yako kati ya 6 na 7, andika 6. Na ushahidi unakubali, kwa sababu mshale uko karibu na 7 na mamoja yamefika 8. Mamia yako kati ya 9 na 0, andika 9. Hapa pia ushahidi unakubali: mshale umekwenda kiasi cha sehemu saba za kumi kuelekea 0, na makumi yanakaribia 7.

Sasa maelfu. Mshale uko juu ya 0. Jirani wa kulia anasoma 9, hajapita 0, kwa hiyo mzunguko haujatimia. Hii si 0, ni 9. Andika 9. Halafu makumi elfu: mshale uko juu ya 3, na jirani wake ambaye umeshamwamua ni 9. Basi 3 inakuwa 2.

Jumla ni 29,968. Toa 29,154, matumizi ni uniti 814, yaani kWh 814.

Aliyesoma kwa macho tu angeandika 30,968, na matumizi yangekuwa 1,814. Ni uniti elfu moja kamili ambazo hazijatumika. Kwa bei ya senti 16 za dola kwa uniti, hizo ni dola 160 za ziada. Na aliyetumia njia ya mistari angekuta 3 inafuatwa na 0, akaiacha. Kisha 0 inafuatwa na 9, akaigeuza kuwa 9. Akiishia hapo anapata 39,968, kosa la uniti elfu kumi. Ni mpaka arudi nyuma aone kwamba sasa 3 nayo inafuatwa na 9 ndipo aipunguze. Anayeanza kulia hahitaji kurudi.

Ukiona tofauti yako na kampuni ni 1,000 kamili, au 100 kamili, au 10,000, usitafute jokofu bovu. Tarakimu moja imesomwa vibaya, na karibu kila mara ni mshale uliokuwa juu ya namba. Dalili nyingine hujitokeza mwezi unaofuata: ikiwa waliandika 30,968 na mwezi ujao mita inasoma 30,770, itaonekana kana kwamba imerudi nyuma. Kosa la aina hii hujisahihisha usomaji sahihi unapokuja, maana mita yenyewe haijakosea. Ila pale bei inapopanda kwa ngazi kadiri unavyotumia, uniti za uongo za mwezi mmoja zinaweza kuwa zimetozwa kwa bei ya ngazi ya juu, kwa hiyo omba bili ile ipigwe upya badala ya kusubiri.

Kusimama, mwanga na picha

Mshale haujagusa uso wa duara, uko mbele yake kidogo. Ukitazama kutoka chini au pembeni, utauona juu ya namba ambayo haupo. Simama jicho likiwa usawa wa maduara, mbele kabisa. Kama mita iko juu, panda kwenye kitu imara. Usifungue kioo wala usiguse sili, hakuna chochote ndani unachohitaji kukishika.

Picha ni bora kuliko kumbukumbu, kwa sababu unaweza kuikuza na tena ni ushahidi wenye tarehe. Zima mwanga wa kamera maana kioo huurudisha, na kama kuna jua, likinge kwa mkono. Tumia kamera ya nyuma ya simu. Kamera ya mbele ya simu nyingine hugeuza picha kama kioo cha kujitazamia, na ukigeuziwa mita ya namna hii, kulia inakuwa kushoto na kila duara linaonekana kuzunguka upande usio wake. Hakikisha pia namba ya mita, iliyoandikwa usoni, imeingia kwenye picha. Kwenye nyumba za ghorofa mita hupangwa nyingi pamoja, na kusoma ya jirani hutokea.

Kuhakiki kwa sahani

Ukiwa na shaka kama maduara yanahesabu kweli, itumie sahani ya alumini. Usoni mwa mita ya Marekani tafuta herufi `Kh` na namba kando yake. Mita nyingi za nyumbani zina 7.2. Maana yake ni kwamba kila mzunguko mmoja wa sahani ni wati-saa 7.2. Sahani ina alama nyeusi ukingoni ya kuhesabia.

Zima vitu vyote, kisha washa kitu kimoja ambacho wati zake unazijua, mfano hita ya wati 1,500. Hesabu mizunguko na uitazame saa:

```
wati = 3600 x Kh x mizunguko / sekunde
```

Kwa hita hiyo mzunguko mmoja unapaswa kuchukua sekunde 17 na kidogo. Mizunguko kumi ichukue kama sekunde 173. Ukiiacha hita ikiwaka dakika 40 bila kujizima, itakuwa imekula uniti moja, sahani imezunguka karibu mara 139, na mshale wa mamoja umesogea namba moja nzima. Huo pia ni ushahidi wa macho yako wa upande unaozunguka. Sahani ikienda vizuri na mshale wa mamoja usisogee, gia za maduara zimekwama, na hiyo ni kazi ya kampuni.

Tofauti chache za kuangalia

Uingereza baadhi ya mita zina duara la ziada, mara nyingi jekundu au lenye alama 1/10. Hilo ni la sehemu za kumi za uniti. Halimo katika namba unayotuma, lakini unaweza kulitumia kama jirani wa mamoja pale mshale wa mamoja unapokaa juu ya namba.

Ukiona usoni x10 au namba nyingine ya kuzidisha, tofauti ya somo la leo na la nyuma huzidishwa kwa namba hiyo ndipo uwe na matumizi. Tuma somo lenyewe bila kulizidisha, isipokuwa kampuni ikikuomba.

Kwa mita za maji, zile za zamani za maduara mengi madogo yanayopishana husomwa kwa kanuni hizi hizi. Mita nyingi za maji za sasa, zikiwemo za Afrika Mashariki, zina tarakimu za kuviringika kwa mita za ujazo na mishale midogo myekundu ya sehemu zake, ambayo kwa kawaida yote huzunguka upande mmoja. Hata hapo itafute 1 kando ya 0 kabla hujaamini.

Mwisho, mita ya maduara matano ikifika 99,999 huanza tena 00,000. Somo la leo likiwa dogo kuliko la mwezi uliopita na la mwezi uliopita lilikuwa karibu na kikomo, ongeza 100,000 kwenye la leo kisha utoe. Kwa maduara manne ongeza 10,000: kama ilikuwa 9,870 na leo ni 0,412, unatoa 9,870 kutoka 10,412, unapata uniti 542. Somo likiwa dogo na mita haiko karibu na kikomo, basi ama moja kati ya masomo mawili lina kosa, ama nyumba ina sola inayorudisha umeme kwenye laini, ambapo sahani ya zamani huweza kuzunguka kinyume na mishale yote kurudi nyuma pamoja nayo.